Namba ya Simu Isomeke Gari Likiwa Linakimbia: Somo kwa Wenye Vani za Biashara

Safari hii nimeona tujadili jambo ambalo wengi wetu tunaosoma uhandisi au kompyuta tunaombwa na ndugu zetu wa hapa mjini. Unapigiwa simu Jumamosi asubuhi: "Wewe si unajua kompyuta? Hebu nichoree stika ya gari langu, niwapelekee wabandikaji." Hapa Minneapolis na Saint Paul watu wetu wenye vani za kusambaza bidhaa ni wengi. Kuna wa sambusa na chapati, wa nyama ya mbuzi, na wa mizigo ya kutuma nyumbani. Kuvalisha vani nzima stika hugharimu maelfu ya dola, na ikishabandikwa utaishi nayo miaka kadhaa. Kwa hiyo kabla hujafungua programu ya kuchorea, soma somo hili.

Swali letu ni moja tu: mtu akiiona vani hiyo ikiwa barabarani, ataondoka na nini kichwani?

Nitatumia mfano wa jamaa mmoja wa Brooklyn Park anayepika mandazi na kuyasambaza madukani. Kwa ajili ya hesabu tuiite biashara yake Mandazi Moto, na namba yake tuseme ni 612-555-0142, ambayo ni namba ya mfano tu. Vani yake ni Ford Transit nyeupe. Walioichora waliiweka Kilimanjaro jua linapozama, twiga wawili, na jina la biashara kwa mwandiko wa kuunganisha, rangi nyekundu juu ya anga ya rangi ya chungwa. Chini kabisa, karibu na bampa, waliweka simu, barua pepe, tovuti na orodha ya vyakula kumi na moja. Gari likiwa limesimama uani lilipendeza kweli kweli. Lakini baridi nzima, kuanzia Novemba hadi Machi, kila mteja mpya aliyeulizwa "Umetujuaje?" alisema nimesikia kanisani, au nimeambiwa na rafiki, au nimeona dukani. Hakuna hata mmoja aliyesema gari. Akaniita tukalitazama pamoja.

1. NANI ANASOMA, NA KWA MUDA GANI?

Wengi wanadhani tatizo ni mwendo wa vani. Si hivyo. Kinachohusika ni tofauti ya mwendo kati ya vani na msomaji. Vani ikienda maili 55 kwa saa kwenye I-94 kati ya miji yetu miwili, na wewe uko nyuma yake unakwenda maili 55 vile vile, basi kwako wewe milango ile ya nyuma imesimama. Unaweza kuitazama kuanzia Snelling hadi katikati ya mji. Vani hiyo hiyo ikipita mbele yako polepole, maili 25 kwa saa, nawe umesimama kituo cha basi, unaiona kwa sekunde mbili hivi halafu imekwenda.

Basi wasomaji wa vani ni wa aina nne. Wa kwanza ni aliye nyuma, ambaye ana muda mrefu lakini yuko mbali. Wa pili ni anayekupita katika leni ya pembeni, yuko karibu lakini anakuona kwa upande. Wa tatu ni mtembea kwa miguu, na wa nne ni anayekuja kutoka mbele.

Tuanze na huyu wa nne maana shauri lake ni fupi. Kila mmoja wenu akiwa na maili 25 kwa saa, mnakaribiana kwa maili 50 kwa saa, yaani futi 73 kila sekunde. Hatasoma kitu. Atabaki na rangi tu. Na rangi si kitu kidogo. Waliokulia Dar es Salaam wanajua: daladala likiwa bado mbali, hujasoma bado linakwenda wapi, ule mkanda wa rangi ubavuni umeshakuambia kama ni lako. Vani ya biashara nayo inahitaji rangi moja kubwa inayofanana na ile ya kwenye boksi na kwenye mlango wa duka. Twiga wawili na machweo ya jua ni rangi nyingi mno, na kwa mbali rangi nyingi huchanganyika zikawa kahawia.

2. HERUFI IWE KUBWA KIASI GANI?

Hapa hatuhitaji kubahatisha. Ule ubao wa herufi wa daktari wa macho una hesabu ndani yake. Mtu mwenye macho mazuri, yale yanayoandikwa 20/20, anaweza kutambua herufi ambayo kimo chake kinachukua pembe ya dakika 5, na dakika moja ni sehemu moja ya sitini ya digrii. Ukipiga hesabu ya pembe hiyo, herufi ya kimo cha inchi 1 inafika mwisho wake kwenye futi 57 hivi.

Lakini si kila dereva ana macho hayo. Leseni ya Minnesota bila masharti ya miwani inataka 20/40, ambayo ni nusu ya uwezo huo. Nusu ya 57 ni futi 28 na ushee. Sasa linganisha na wahandisi wa barabara: mwongozo wa taifa wa alama za barabarani, MUTCD, unahesabu futi 30 kwa kila inchi moja ya herufi. Zamani walikuwa wakihesabu 40, wakashusha hadi 30 katika toleo la mwaka 2009. Ukiona njia mbili tofauti zinafika karibu mahali pamoja, unaweza kuiamini kanuni:

```
kimo cha herufi (inchi) = umbali (futi) / 30
```

Kuna kipimo kingine cha kukagua. Magari makubwa ya biashara yanayosimamiwa na serikali kuu hutakiwa kuandikwa jina na namba ya USDOT zisomeke mchana kwa futi 50 gari likiwa limesimama. Gawa 50 kwa 30, unapata inchi 1.7. Ndiyo maana kwenye malori mengi utaona maandishi hayo yana kimo cha inchi 2 hivi. Sasa, namba ya simu ya jamaa yetu ilikuwa na kimo cha inchi 2 na robo. Yaani alikuwa amewaandikia watu walio futi 67 kutoka kwake. Kwenye barabara kuu, mtu aliye futi 67 nyuma yako anakwenda maili 55 kwa saa hana hata sekunde moja ya kukanyaga breki. Huyo si mteja, huyo ni ajali.

Angalizo: hiyo 30 ni kwa herufi za kawaida, zilizosimama wima, zenye unene wa kutosha. Unene wa mstari wa herufi uwe kama sehemu moja ya tano hadi sehemu moja ya saba ya kimo chake. Ukizidi kuwa mwembamba unapotea kwa mbali. Ukizidi kuwa mnene matundu ya 6, 8 na 9 yanaziba. Mwandiko wa kuunganisha hauko kwenye hesabu hii kabisa, maana jicho linahitaji kwanza kujua herufi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

3. NYUMA YA GARI NI MAHALI PA NAMBA

Kwa kuwa msomaji wa nyuma ndiye pekee mwenye muda, namba ya simu ikae huko. Tarakimu kumi si mzigo mdogo. Jina unaweza kulishika kwa kutupa jicho mara moja. Namba inahitaji kutazamwa, kurudisha macho barabarani, na kutazamwa tena. Huyo wa nyuma anaweza kufanya hivyo bila hatari, kwa sababu namba iko upande ule ule anaotazama.

Sasa tufanye hesabu ya Mandazi Moto. Kwenye maili 55 kwa saa gari linakula karibu futi 81 kila sekunde. Dereva mwangalifu huacha nafasi ya sekunde tatu, kwa hiyo yuko futi 240 hivi nyuma. Gawa kwa 30: tunahitaji tarakimu za inchi 8.

Zinaenea? Tarakimu moja pamoja na nafasi yake huchukua upana wa kama asilimia 70 ya kimo. Namba yetu pamoja na vistari viwili ni alama 12. Zidisha 12 kwa 0.7 kwa 8, unapata inchi 67. Milango miwili ya nyuma ukitoa bawaba na kingo inakupa kama inchi 60 za kuandikia, na hapo ndipo wachoraji wengi wanapopunguza herufi. Usikimbilie kupunguza. Igawe namba katika mistari miwili: juu 612, chini 555-0142. Mstari wa chini una alama 8, na 8 mara 0.7 mara 8 ni inchi 45. Imeenea, na bado pembeni pana nafasi.

Hapa kuna jambo moja ambalo kwenye skrini huwezi kuliona. Milango ya nyuma ya vani inakutana katikati, na pale pana ufa na mpira. Tarakimu ikiangukia kwenye ufa huo, 0 inaweza kugeuka 8 na 1 ikamezwa kabisa. Sogeza mstari wa chini ili kile kistari cha katikati ndicho kiangukie kwenye ufa. Kushoto kunabaki 555, ambazo ni kama inchi 17, na kulia 0142, kama inchi 22. Kila mlango una kama inchi 30, kwa hiyo zote zimelala salama, mbali na kitasa na bawaba.

Kugawa namba kwa mafungu kunasaidia pia kumbukumbu. Mtu wa hapa akiona 612 hashiki tarakimu tatu, anashika neno moja: Minneapolis. Vile vile 651 ni Saint Paul na upande wa mashariki, na 763 na 952 ni vitongoji. Kichwa kinabaki na tarakimu saba tu za kubeba. Lakini kuna wenzetu waliohamia hapa kutoka Seattle au Dallas wakaja na simu zao za kule. Kwa simu ya binafsi haina neno. Kwa vani, msomaji analazimika kubeba zote kumi, na wengi wataidondosha njiani. Namba ya hapa hapa mjini ni nafuu kuliko stika.

Usisahau pia kwamba tangu tarehe 1 Agosti 2019 sheria ya Minnesota inakataza dereva kushika simu mkononi. Hawezi kuipiga picha namba yako, wala hawezi kuelekeza simu kwenye ule mraba wa nukta nukta unaosomwa na kamera. Mraba huo uweke dukani au kwenye boksi la mandazi. Nyuma ya gari nafasi yake ni ya namba. Dereva ana njia mbili: akumbuke, au aiambie simu yake kwa mdomo. Zote mbili zinaanza na kusoma.

4. UBAVUNI NI MAHALI PA JINA

Ubavu ni mkubwa na unamdanganya mchoraji. Anaona kiwanja cha futi nyingi, anajaza. Lakini hebu tuone kinavyoonekana barabarani.

Dereva aliye leni ya pembeni yuko kama futi 12 kutoka ubavuni mwa vani. Akiwa bado nyuma, anauona ubavu kwa pembe kali, na herufi zinabanwa upana kama mtu aliyezifinya. Kwenye pembe ya digrii 15, upana wa herufi unabaki kama robo tu ya upana wake halisi. Kwenye digrii 30 unabaki nusu. Baada ya hapo anakuwa karibu sambamba nawe, na kusoma ni mpaka ageuze shingo, jambo ambalo hatumtakii. Kwa hiyo nafasi yake nzuri ni kati ya digrii 15 na 30, ambayo ukiipima ardhini ni kama futi 24. Akikupita kwa tofauti ya maili 10 kwa saa, futi 24 anazimaliza kwa sekunde moja na nusu na chembe.

Mtu wa kituo cha basi pale Lake Street, aliye futi 20 kutoka kwenye leni yako, ana nafuu kidogo. Anaisoma vani inapokuja na inapoondoka, jumla futi 70 hivi, na kwa maili 25 kwa saa hiyo ni karibu sekunde mbili.

Sekunde mbili zinatosha jina, na neno moja au mawili ya kusema unauza nini. Orodha ya vyakula kumi na moja haina msomaji. Namba ya simu unaweza kuiweka ndogo kwenye mlango wa dereva, kwa ajili ya gari likiwa limeegeshwa, lakini usiitegemee.

Kuna na suala la lugha. Sisi tukiona "Mandazi" hatusomi herufi. Tunalitambua neno zima kama tunavyotambua sura ya mtu. Mmarekani wa Edina hajawahi kuliona. Analisoma herufi kwa herufi, na muda wake unaisha kwenye "Manda". Hii si sababu ya kutupa Kiswahili, jamani. Ni sababu ya kulipa jina nafasi kuliko picha, kuliandika kwa herufi za kawaida zilizoachiana vizuri, herufi kubwa mwanzoni na ndogo zinazofuata, na kuweka chini yake maneno mawili ya Kiingereza yanayotaja chakula chenyewe. Hayo ya Kiingereza atayatambua kwa mkupuo, na jina la Kiswahili litamkaa akiliona mara ya pili na ya tatu.

Kimo chake? Kwa umbali wa kituo cha basi hata inchi moja ingetosha macho, lakini kumbuka kufinywa kwa pembe na uchache wa muda. Watu wa mabango hutumia kanuni ya futi 10 kwa inchi kwa kitu kinachotakiwa kusomwa kwa haraka. Tukitaka jina lisomeke upande wa pili wa maegesho, futi 90 hivi, tunapata inchi 9.

Sasa angalia mlango wa kuteleza. Vani nyingi za huku zina mlango huo upande wa kulia, ambao ndio upande wa kando ya barabara, mbele ya macho ya waenda kwa miguu. Ukifunguliwa unateleza kwenda nyuma na kulifunika bati la nyuma yake. Kwa jamaa yetu neno "Mandazi" lilikuwa limepita juu ya vyote viwili: "Man" mlangoni, "dazi" kwenye bati. Kila akisimama kushusha mzigo na kufungua mlango, wapita njia waliona "Man" peke yake. Na huo ndio wakati gari limesimama na watu wanalitazama! Dawa ni kuliweka jina lote ndani ya mlango. Mlango wake tuliupima, una upana wa inchi 50 hivi. Herufi 7 kwa inchi 9 kwa 0.75 ni inchi 47. "Mandazi" juu, "Moto" chini yake. Mlango ukifunguliwa, jina lote linasogea nyuma pamoja nao, likiwa zima.

5. GIZA NA CHUMVI

Vitu hivi viwili mchoraji wa California hahangaiki navyo sana, sisi tunavyo.

Mwezi Desemba jua la hapa linazama kama saa kumi na nusu jioni. Vani ya kusambaza chakula inafanya kazi yake kubwa gizani. Ubavu hauna taa yoyote, lakini nyuma pana taa za gari linalofuata, na hizo unaweza kuzitumia kwa stika inayorudisha mwanga kule ulikotoka. Hii ni teknolojia ya nyumbani hapa: kampuni ya 3M, ambayo makao yake yako Maplewood ubavuni mwa Saint Paul, iliweka alama yake ya kwanza ya barabarani yenye stika hiyo nje kidogo ya Minneapolis mwaka 1939. Angalia tu kwamba tarakimu nyeupe zinazorudisha mwanga zikipigwa na taa kali huonekana zimevimba, na matundu ya 6 na 8 yanajaa. Njia rahisi ni kugeuza: bati la nyuma ya namba ndilo lirudishe mwanga, tarakimu ziwe nyeusi za kawaida.

Mchana kinachosomesha herufi ni tofauti ya mwangaza, yaani kimoja kiwe cheupe na kingine cheusi kiasi. Jina la rangi halihusiki. Nyekundu juu ya chungwa zinaonekana mbali mbali zikiwa karatasini, lakini piga picha kwa simu, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe, uone. Ya jamaa yetu ilipoondolewa rangi, jina lilitoweka kabisa, tukabaki na twiga.

Halafu chumvi. Vani ina mgongo uliosimama wima, na hewa inayopita juu na pembeni inajikunja nyuma yake ikibeba maji machafu ya barabarani. Yale maji yanakauka yakawa unga wa kijivu, na sehemu ya chini ya milango ndiyo inayoumia zaidi. Unga huo unaifanya nyeusi kuwa kijivu na nyeupe kuwa kijivu, kwa hiyo hakuna rangi ya kukuokoa. Kinachookoa ni mahali. Namba iwe juu ya usawa wa vitasa. Ya jamaa yetu ilikuwa karibu na bampa. Nilipoenda kuiona mwezi Februari ilinibidi kuipangusa kwa glavu ndipo niijue. Na hata ikiwa juu, dereva awe na kitambaa cha kupangusa namba kila asubuhi. Ni kazi ya nusu dakika.

6. JARIBU KABLA HUJALIPA

Mchoro kwenye skrini unaonekana vizuri daima, kwa sababu uko futi 2 kutoka machoni na wewe unaijua namba. Fanya hivi. Chapisha nyuma ya gari kwa kipimo cha moja kwa kumi. Inchi 60 zinakuwa inchi 6, zinaenea kwenye karatasi ya kawaida. Ibandike mwisho wa korido ya chuo.

Umbali wa futi 240 sasa ni futi 24. Lakini rafiki zako wa darasani wengi wana macho mazuri kuliko yule dereva wa 20/40, kwa hiyo mwenye macho ya 20/20 asimame mara mbili ya hapo, futi 45 hivi. Hapo ni mwisho wa uwezo wake, kama ilivyo kwa yule dereva barabarani. Funua karatasi kwa sekunde mbili, funika, mpumzishe kidogo, funua tena sekunde mbili. Mwambie aandike namba. Tumia watu wanne watano ambao hawajawahi kuiona namba hiyo, na usikubali "nimeiona vizuri". Kubali karatasi aliyoandika tu. Wakikosea wote tarakimu ile ile, tatizo ni umbo la tarakimu hiyo, badilisha mwandiko. Wakikosea hapa na pale, tatizo ni ukubwa au msongamano.

Kwa ubavu, simama pembeni mwa karatasi uitazame kwa pembe kali, halafu tembea haraka uipite. Jina ulilolishika ndilo atakalolishika mwenye gari la pembeni.

Sisi tuliweka michoro yote miwili, wa zamani na mpya, mbele ya watu watano. Wa zamani haukusomwa na yeyote, hata jina. Mpya, wanne waliandika namba sawasawa. Wa tano aliandika 0142 kama 0742. Tukabadilisha mwandiko, tukachagua wenye 1 iliyo na kitako, tukarudia, ikapita. Jamaa hakuvalisha vani nzima tena. Aliibandua ile ya zamani, akaiacha vani nyeupe yake ya asili, akalipia mkanda mmoja wa rangi ya njano ya boksi zake, jina milangoni na ubavuni, na namba nyuma. Alilipa chini ya nusu ya alichokuwa amelipa mwanzo. Kilimanjaro alikihamishia kwenye boksi, ambalo mteja analishika mkononi na ana muda wa kukiangalia.

Kwa hiyo ukiombwa tena Jumamosi asubuhi, nenda kwanza na futi ya kupimia. Pima milango ya nyuma, upana wa mlango wa kuteleza, ulipo ufa na vilipo vitasa. Chora namba ya nyuma kabla ya kitu kingine chochote, kisha jina la ubavuni, kisha rangi. Kikibaki kiwanja, kiache kitupu. Utupu ule ndio unaozipa herufi nafasi ya kuonekana.